Ndama Umeshamlipia

Wiki hii nimepata barua ya mwalimu mmoja kutoka Lurambi, nikaicheka kidogo kabla ya kuijibu, maana nilijiona mwenyewe ndani yake. Ameweka akiba ya shilingi 20,000 na amegundua, anavyodhani, mlango wa nyuma wa Soko la Hisa la Nairobi. Anasema: “Dada, kampuni ikitangaza gawio, nanunua hisa siku chache kabla daftari la wanahisa halijafungwa, jina langu linaingia, kisha nauza na kuhamia kampuni nyingine. Kwa nini watu wanakaa na hisa mwaka mzima wakati gawio ni la siku moja tu?”

Mwalimu wangu, tarehe umezisoma vizuri, hilo nakupa. Wengi hukosea hata hapo. Chukua gawio la mwisho la Safaricom lililolipwa mwaka 2025: senti 65 kwa kila hisa, daftari likafungwa tarehe 31 Julai, malipo yakaahidiwa kufikia 31 Agosti. Tarehe 31 Julai ilikuwa Alhamisi. Biashara ya hisa Nairobi hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua, kwa hiyo aliyenunua Jumatatu tarehe 28 aliingia daftarini Alhamisi. Aliyenunua Jumanne alipata hisa, lakini gawio likabaki kwa aliyemuuzia. Huyo wa Jumanne ndiye ninayetaka umwangalie.

Jiulize, angelipa bei ya Jumatatu kwa sababu gani? Twende soko la Lubao. Ukimkuta ng'ombe mwenye mimba kubwa, mwenyewe hakuuzii kwa bei ya ng'ombe mtupu. Ndama yumo ndani ya bei, umeshamlipia. Akishazaa kwako, ukabaki na ndama na kumrudisha mama sokoni, hakuna atakayekupa zile pesa za mwanzo. Hisa nayo ni hivyo. Zile senti 65 zinatoka kwenye mfuko wa kampuni yenyewe, na anayenunua baada ya siku ile ananunua kampuni ambayo fedha hizo zimeshaahidiwa wengine. Kwa hiyo bei huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio. Hakuna aliyekuibia, ni hesabu tu inajipanga upya.

Sasa weka zile 20,000 zako. Tuseme bei ni shilingi 20 kwa hisa. Hiyo ni bei ya mfano, rahisi kuhesabu. Unapata hisa 1,000. Lakini dalali hafanyi kazi ya bure: kamisheni yake pamoja na ada za soko, za mamlaka ya masoko ya mitaji na za hifadhi ya hisa hufika karibu asilimia 2.1 kwa biashara ndogo kama yako. Hiyo ni shilingi 420, na tayari umetoa 20,420. Ni sawa na ule ushuru wa kaunti pale langoni Lubao, tofauti ni kwamba hapa utaulipa ukiingia na ukitoka.

Gawio lako ni shilingi 650, ila halifiki lote. Kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kukutumia, hivyo unabakiwa na 617.50. (Yule ndugu yako wa Doha, uliyeandika kwamba anataka mshirikiane, kama kisheria si mkaazi wa Kenya kwa ajili ya kodi, yeye hukatwa asilimia 15.) Kisha bei imeshuka senti 65, unauza kwa 19.35, unapata 19,350, dalali anachukua tena kama 406. Jumlisha kilichorudi, gawio likiwemo: takribani 19,561. Ulitoa 20,420. Umepoteza karibu shilingi 859 kwa kukimbilia 650.

Najua utaniambia: “Lakini Dada, bei si lazima ishuke senti 65 kamili.” Kweli. Kenya faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, ila gawio linatozwa ile asilimia 5. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu haoni gawio kuwa ni senti 65, anaona karibu 62, na bei inaweza kushuka kwa hizo 62 tu. Haya, nakupa soko lenye huruma hiyo. Kushuka kwa bei na gawio ulilopokea vinalingana, vinafutana, na wewe unabaki na deni la dalali peke yake: shilingi 820 na kitu. Ili urudishe tu pesa yako, hisa uliyonunua kwa 20 ingebidi uiuze kwa kama 20.25, yaani ipande katika siku ambazo ina kila sababu ya kushuka.

Wengine hukimbilia gawio kubwa wakidhani ada haitaonekana. Chukua hisa ya shilingi 400 inayotoa gawio la 45. Linavutia, sivyo? Lakini bei nayo inaweza kushuka 45. Kodi inakula 2.25, ada za kuingia na kutoka zinakula karibu 16, na umepoteza kama shilingi 18 kwa kila hisa. Ukubwa wa ndama hausaidii kama bei ya mama inashuka kwa kiasi hicho hicho.

Mimi nilifanya mchezo huu miaka iliyopita, na kampuni siitaji. Ujumbe wa M-Pesa wa gawio ulipoingia nilikuwa Muliro Gardens, nikamnunulia rafiki soda. Tatizo ni kwamba hisa zenyewe zilikuwa bado mkononi. Ilikuwa kaunta isiyo na wanunuzi. Bei kwenye gazeti haikushuka hata senti, nikadhani nimelishinda soko, kumbe haikushuka kwa sababu hakuna aliyenunua. Nilipomuuliza dalali, akanisomea upande wa wanaotaka kununua: bei zote zilikuwa chini, na idadi ya hisa walizotaka haikufika nusu ya zangu. Kwa hiyo usitazame bei ya mwisho peke yake. Muulize dalali leo kuna nani anataka kununua, ngapi, na kwa bei gani. Ukinasa kwenye kaunta ya namna hiyo, mpango wa siku nne unakuwa wa miezi. Wazee wa hapa kwetu waliobaki na hisa za Mumias wanajua zaidi yangu. Kampuni iliingia sokoni 2001, na 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu.

Je, kuna anayefaidika? Wapo wanaonunua kabla na bei ikapanda kwa sababu nyingine, matokeo mazuri au riba kushuka. Hao wamepata faida ya hisa, gawio limewakuta njiani. Na kama tayari una hisa, usiziuze kwa hofu ya siku hiyo. Mshuko utaupata, lakini gawio pia ni lako, na ada hulipi.

Kwako mwalimu, kama kweli unaitaka kampuni hiyo kwa miaka, mara nyingi ni afadhali ununue siku ile bei imeshuka. Gawio hutapata, lakini hutakatwa kodi ya pesa ambayo ungejilipa mwenyewe. Na kabla hujatuma 20,000, mwombe dalali akuandikie ada zote za kununua na kuuza hisa 1,000, mstari kwa mstari. Niletee karatasi hiyo tuisome pamoja.