Kigunduzi cha akili mnemba na ripoti ya maabara

*Walimu na wanafunzi wa sayansi wametuuliza kwa nini programu za kutambua maandishi ya akili mnemba hutoa majibu ya kushangaza zikipewa ripoti za maabara, orodha na majibu mafupi. Mtaalamu wetu wa takwimu za lugha anajibu.*

Kigunduzi kinapima nini hasa?

Kinapima jinsi maneno yanavyotabirika. Ndani ya vigunduzi vingi mna modeli ya lugha, na kwa kila neno huulizwa: ukiyaangalia yaliyotangulia, hili lilitarajiwa kiasi gani? Neno lililotarajiwa hupata alama ndogo ya mshangao, lisilotarajiwa hupata kubwa, kisha hutafutwa wastani. Akili mnemba hupendelea maneno yanayotarajiwa, kwa hiyo wastani wake huwa chini. GPTZero ilipotoka Januari 2023 iliongeza kipimo cha pili, yaani mshangao unavyopanda na kushuka kutoka sentensi hadi sentensi. Vigunduzi vingine hufunzwa kwa mifano ya maandishi ya watu na ya mashine, lakini navyo huokota dalili za namna hiyo. Vigunduzi hivi havisomi alama ya siri ndani ya maandishi inayosema nani aliandika. Tulicho nacho ni wastani, na wastani una masharti yake.

Kwa nini maandishi mafupi yanakisumbua?

Kwa sababu katika maneno machache, neno moja tu huweza kuuvuta wastani wote. Tuchukue mfano wa namba nilizozipanga mwenyewe ili hesabu ionekane. Tuseme wastani wa mshangao kwa binadamu ni 5, kwa mashine ni 4, na kigunduzi kimeweka mpaka kwenye 4.5. Tuseme pia kwamba alama ya neno mojamoja hutawanyika kwa kiasi cha 4 kuzunguka wastani wake.

Mtawanyiko wa wastani hupatikana kwa kugawa hiyo 4 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya maneno. Kwa maneno 400, kipeuo ni 20, kwa hiyo wastani unayumba kwa 0.2 tu. Binadamu aliye kwenye 5 ni vigumu kuteleza hadi chini ya 4.5; itatokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Kwa maneno 25, kipeuo ni 5 na wastani unayumba kwa 0.8. Sasa watu kama 27 kati ya 100 walioandika kwa mikono yao wataangukia upande wa mashine. Kigunduzi ni kilekile na waandishi ni walewale; kilichobadilika ni urefu peke yake. Na hapo nimechukulia kwamba kila neno linajitegemea. Katika lugha halisi maneno huvutana, hivyo hali huwa mbaya zaidi.

Watengenezaji wanalijua hilo. Kigunduzi cha OpenAI cha Januari 2023 kilitolewa pamoja na onyo kwamba hakiaminiki chini ya herufi 1,000, na Julai mwaka huohuo kiliondolewa kwa sababu ya usahihi mdogo. Turnitin nao walianza na kima cha chini cha maneno 150, wakakipandisha hadi 300.

Basi mwanafunzi akiandika ripoti ndefu, tatizo limekwisha?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ufupi huleta kuyumba, na kuyumba hupungua maandishi yakirefuka. Ripoti ya maabara ina tatizo la aina nyingine: wastani wake wenyewe umeshuka. Ukiirefusha, kigunduzi kinazidi kuwa na uhakika wa jibu lisilo sahihi.

Chukua titresheni ya asidi ya haidrokloriki na haidroksidi ya sodiamu. Sehemu ya utaratibu itasema: bureti ilisuuzwa kwa asidi, ikajazwa, kipimo cha mwanzo kikaandikwa; sentimita za ujazo 25.0 za haidroksidi ziliwekwa kwenye chupa kwa pipeti; matone mawili ya fenolftalini yakaongezwa; asidi ikatiririshwa hadi rangi ya waridi ikapotea. Darasa zima litaandika hivyo, kwa Kiingereza kama vyuo vyetu vinavyotaka, kwa kauli ya kutendwa na kwa mpangilio wa karatasi ya maelekezo. Baada ya “matone mawili ya” unabaki na maneno mangapi ya kuchagua? Mwalimu mwenyewe humkata alama mwanafunzi anayeandika kwa madoido. Tumemfundisha atabirike, kisha tunamshuku kwa kutabirika.

OpenAI walitoa mfano mzuri wa mpaka huu: orodha ya namba tasa 1,000 za kwanza haiwezi kujulikana imeandikwa na nani, kwa kuwa jibu sahihi ni lilelile kwa kila mtu.

Mzigo ni mkubwa zaidi kwa anayeandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vigunduzi 7 insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Msamiati mwembamba hushusha mshangao kama unavyoshushwa na kanuni za ripoti, na mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anabeba yote mawili.

Na orodha zenye vitone?

Orodha huondoa kile kigunduzi kinachokitegemea. Vipengele huwa na urefu unaokaribiana na huanza kwa kitenzi cha umbo moja, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sentensi hupotea. Faili likigeuzwa kuwa maandishi matupu, vitone huweza kufutika na vipengele vitano vikaungana kuwa sentensi moja isiyo na maana. Jibu laweza kwenda upande wowote, pamoja na kuipitisha orodha iliyotoka kwa mashine.

Vigunduzi vingine huziacha orodha na majedwali kabisa, na hapo asilimia husomwa vibaya. Turnitin, kwa mfano, hupiga asilimia kwa maandishi ya sentensi kamili tu. Tuseme ripoti ina maneno 1,200, na 700 kati yake yako kwenye orodha, majedwali na hesabu. Yanabaki 500. Kigunduzi kikitoa 60%, kinazungumzia maneno 300, yaani robo ya ripoti, na huenda hayo 300 ni utaratibu uleule wa bureti na pipeti.

Alama ya 0% inamsafisha mwanafunzi?

Haimsafishi. Sababu zilezile zinazomshtaki asiye na kosa humficha aliyenakili.

Mwalimu aangalie nini, basi?

Aangalie vipimo. Bureti ya kawaida ya shule ina mistari ya 0.1, na msomaji makini hukadiria hadi 0.05. Jedwali lenye 24.70, 24.35 na 24.40 linafanana na kazi ya mezani: jaribio la kwanza la haraka, kisha mawili yanayokubaliana. Jedwali lenye 24.37 mara tatu linahitaji maelezo, kwa sababu bureti hiyo haisomeki hivyo. Muulize mwanafunzi kwa nini aliliacha jaribio la kwanza alipotafuta wastani, na umwombe daftari alilokuwa nalo maabara. Vipimo vya kubuni navyo havithibitishi akili mnemba. Wanafunzi walibuni vipimo muda mrefu kabla yake. Ila hilo ni kosa linaloonekana kwenye karatasi, na mwanafunzi anaweza kulijibu hoja kwa hoja. Asilimia ya kigunduzi hawezi kuijibu, maana haimwambii ni neno gani alilokosea.