Kulichangamsha Tangazo la Kazi bila Kubadilisha Masharti

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ubaridi wa matangazo mengi ya kazi hutokana na sarufi yake, wala si na kazi yenyewe. Tutazame tangazo hili tulilolibuni kwa ajili ya somo:

"Msaidizi wa Maktaba anahitajika. Majukumu: utekelezaji wa upangaji wa vitabu rafuni, ufanikishaji wa uazimishaji na upokeaji wa vitabu, uandaaji wa ripoti ya kila mwezi kuhusu vitabu vilivyopotea. Mwombaji awe na diploma ya ukutubi, tajriba isiyopungua miaka 2 na ujuzi wa kompyuta. Mwenye ufasaha wa Kiswahili atapewa kipaumbele."

Vitenzi vyote vya kazi vimegeuzwa kuwa nomino, na mwombaji anasemwa kana kwamba hayupo. Mwandishi asiyetambua hilo hukimbilia vivumishi: "kijana mchangamfu, mwenye ari". Hapo amekwisha kuongeza sifa ambazo mwajiri hakuzitaja. "Kijana" ni hatari zaidi, kwa kuwa Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja umri miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa ya ubaguzi.

Dawa ni kuvirudisha vitenzi na kumsemesha msomaji katika nafsi ya pili:

"Maktaba yetu inakutafuta wewe, Msaidizi wa Maktaba! Utapanga vitabu rafuni, utawaazimisha wasomaji na kuvipokea vinaporudishwa. Kisha kila mwezi utatuandalia ripoti ya vile vilivyopotea. Njoo ukiwa na diploma ya ukutubi, tajriba ya miaka 2 au zaidi na ujuzi wa kompyuta. Je, Kiswahili chako ni fasaha? Tutakupa kipaumbele."

Kauli ya kusababisha katika "utawaazimisha" imebakizwa kwa makusudi. Kitenzi "azima" hubeba maana mbili, kutoa na kuchukua kwa muda. Tukiandika "utawaazima wasomaji", huenda mtu akadhani msaidizi ndiye atakayekopa vitabu.

Sehemu ngumu zaidi ni nguvu ya masharti. "Awe na" ni dhamira tegemezi yenye lazima. Tukiandika "tungefurahi ukiwa na diploma", sentensi imechangamka lakini sharti limekuwa ombi, na asiye na diploma ana haki ya kuomba. "Njoo ukiwa na" huhifadhi lazima hiyo. Kinyume chake, ufasaha wa Kiswahili ulikuwa nyongeza tu, ndiyo maana tumeutenga katika swali lake. Ungeingizwa katika orodha ya diploma na tajriba, ungegeuka sharti. Vilevile "isiyopungua miaka 2" haiwi "tajriba ya kutosha", maana kila mwombaji ataipima kwa kipimo chake.

Njia ya kujihakiki ni kumpa mwenzako tangazo jipya pekee, aorodheshe kazi na masharti anayoyaona. Hapa apate kazi nne (kupanga, kuazimisha, kupokea, kuripoti), masharti matatu na kipaumbele kimoja. Akipata sharti la nne, litafute katika vivumishi kwanza.