Mafunzo Matano Niliyopata Nikiandika Metadata za Masomo ya Hesabu za Duka

Nimetumia miaka mingi kuandaa masomo mafupi ya utunzaji wa hesabu kwa wenye maduka ya rejareja: sauti na video za dakika nne au tano, zinazosikilizwa kwenye simu wakati duka limepoa. Wenzangu walifundisha. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika maelezo yanayofuatana na kila somo: kichwa, mada, maneno ya kutafutia, muhtasari, muda, lugha, tarehe na somo linalotangulia. Hayo ndiyo metadata. Nilipoanza niliyaona kama fomu ya kujaza mwishoni, somo likishakamilika. Wenye maduka ndio walionionyesha kwamba somo zuri lenye maelezo mabaya halisikilizwi. Wewe unayeandaa masomo yako sasa, pokea haya matano mapema.

1. Neno linalotofautisha somo likae mwanzo wa kichwa

Mama mmoja mwenye duka la vyakula Morogoro alinipa simu yake akaniuliza, “Mzee, mbona mmenitumia somo moja mara nyingi?” Nikatazama. Vichwa vyote vilianza na “Utunzaji wa Kumbukumbu za Fedha kwa Wafanyabiashara Wadogo”, na jina la somo lenyewe lilikuja baadaye. Kioo cha simu kilionyesha maneno machache ya mwanzo, kisha nukta tatu. Orodha nzima ilisomeka “Utunzaji wa Kumbuku…” kutoka juu hadi chini. Mauzo, stoki na madeni vyote vilikuwamo, ila hakuna aliyeweza kuviona.

Tangu hapo kichwa kinaanza na jambo lenyewe: “Mauzo ya siku: andika kabla ya kufunga duka”, “Stoki: hesabu mzigo uliobaki”, “Madeni: nani anadaiwa na tangu lini”. Jina la mfululizo lina sehemu yake. Kwenye faili la MP3 linakaa kwenye albamu, yaani `TALB`. Kichwa kinakaa kwenye `TIT2` na namba ya somo kwenye `TRCK`. Ukitumia Dublin Core, mfululizo unauandika kwenye `dcterms:isPartOf`. Usikijaribu kichwa kwenye kompyuta. Chukua simu ndogo kuliko zote ulizonazo, kisha usome yale tu yanayoonekana kabla ya nukta tatu.

2. Mada iwe moja, maneno ya kutafutia yawe mengi

Kilichonishangaza zaidi katika kazi hii ni neno “faida”. Muuzaji aliyelitafuta kwenye orodha yetu aliletewa karibu kila somo, kwa sababu kila mwalimu alitaka liwemo kwenye somo lake. Ukiwauliza, kila mmoja alikuwa na hoja: mauzo yanaleta faida, stoki inalinda faida, madeni yanakula faida. Yote ni kweli, lakini neno lililobandikwa kwenye masomo yote halimsaidii mtu kuchagua somo lolote. Hatari yake ni kubwa kuliko usumbufu. Aliyetafuta faida akafungua somo la mauzo ya siku anaweza kuondoka akiamini kwamba shilingi 180,000 zilizoingia leo ndizo alizopata, na hapo hajatoa bei aliyonunulia mzigo huo.

Tulitenganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni mada, ambayo inachukua neno moja tu kutoka kwenye orodha fupi tuliyokubaliana: mauzo ya siku, manunuzi, stoki, madeni, matumizi, faida ghafi, faida halisi. Hakuna anayeongeza neno bila wenzake kujua. Ya pili ni maneno ya kutafutia, na humo tunaweka kila namna ambayo watu wanalitaja jambo hilo. Somo la stoki linabeba “stoki”, “mzigo”, “bidhaa zilizobaki”, “kuhesabu mali”, hata `stock` kwa tahajia ya Kiingereza, kwa kuwa wengi ndivyo wanavyoandika wakitafuta. Somo la kuandika kumbukumbu linabeba pia “daftari” na “rekodi”. Kipimo cha kila neno ni swali moja: mtu akifungua somo hili kwa ajili ya neno hili, atapata jibu? Kama hapati, neno litoke.

3. Andika somo linalotangulia, na muda wa kutenda

Kijana mmoja mwenye duka Mbeya alisikiliza somo la faida mpaka mwisho, kwa makini, kisha akauliza, “Sasa hiyo namba ya mzigo wa mwanzo naitoa wapi?” Somo lenyewe halikuwa na kosa. Ila lilimfikia mtu ambaye hajawahi kuhesabu stoki yake, na hakuna mahali palipomwambia kwamba kuna somo la kuanza nalo.

Tazama hesabu yenyewe. Duka linaanza wiki likiwa na mzigo wa shilingi 1,200,000 kwa bei ya kununulia. Ndani ya wiki mwenye duka ananunua mzigo mwingine wa 600,000. Jumamosi usiku anahesabu kilichobaki, anapata 1,150,000. Unajumlisha mzigo wa mwanzo na manunuzi, unatoa mzigo uliobaki: bidhaa zilizotoka zilimgharimu 650,000. Daftari la mauzo linaonyesha 780,000. Faida ghafi ni 130,000. Akitoa matumizi ya wiki, tuseme 45,000 za pango, umeme na usafiri, faida halisi ni 85,000.

Namba hizo zinatoka kwenye masomo tofauti. Asiyeandika mauzo ya siku hana 780,000. Asiyehesabu stoki hana 1,200,000 wala 1,150,000, na faida yake itakuwa ya kukisia. Ndiyo maana rekodi ya somo hili inaonekana hivi:

```
dc:title:         Faida ghafi ya wiki: mauzo toa gharama ya mzigo
dc:subject:       faida ghafi
dcterms:requires: somo-02 (mauzo ya siku), somo-04 (stoki)
dcterms:extent:   PT5M
dc:language:      sw-TZ
```

Mstari wa `dcterms:requires` ndio ambao ungemsaidia yule kijana. `PT5M` ni namna sanifu ya kuandika dakika tano, ili programu yoyote iuelewe muda huo. Lakini hizo ni dakika za kusikiliza. Somo la stoki nalo ni la dakika tano, ila kuhesabu mzigo kunakula jioni nzima baada ya kufunga duka, tena anahitajika mtu wa pili wa kuandika. Muda huo tunauweka kwenye muhtasari, pamoja na vitu vya kuwa navyo mkononi: “Utahitaji daftari, kalamu, kikokotoo, bei za kununulia, na jioni moja bila wateja.” Tulipoanza kuandika hivyo, watu waliacha kulifungua somo saa nne asubuhi na kulikatiza njiani.

4. Jina la faili hupotea njiani

Masomo yetu mengi hayafiki kwa msikilizaji kutoka kwetu moja kwa moja. Shangazi anamtumia mpwa, jirani wa duka anamtumia jirani, na kati yao kuna WhatsApp. Niliomba kuona somo letu kwenye simu ya mtu aliyetumiwa, nikakuta linaitwa `AUD-20220314-WA0007`. Tarehe hiyo haikuwa ya somo, ilikuwa ya siku lilipopokelewa. Jina tulilolitunga kwa uangalifu halikuwapo tena. Video nazo hubanwa zinapotumwa, na maelezo yaliyofichwa ndani ya faili huweza kupotea humo humo.

Kwa hiyo metadata muhimu zinarudiwa mahali ambapo haziwezi kung'oka. Kwenye sauti, sentensi ya kwanza inataja mada, somo linalotangulia na mwaka: “Hili ni somo la faida ghafi ya wiki. Sikiliza kwanza la mauzo ya siku na la stoki. Limerekodiwa mwaka 2022.” Kwenye video, maneno hayo yanaandikwa juu ya picha kwa sekunde chache za mwanzo, kwa herufi kubwa. Ukituma mwenyewe, tuma kama hati badala ya sauti au video ya kawaida, maana hati inabaki na jina lake. Lakini huwezi kumsimamia kila anayelipitisha somo, ndiyo maana sauti ya mwalimu inabidi ibebe kitambulisho chake.

5. Tarehe na nchi visikosekane kwenye somo lolote linalogusa kodi

Hesabu ya faida ghafi haichakai. Viwango vya kodi vinachakaa. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Mwaka huo huo Tanzania ilipandisha kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Somo la mwaka 2022 lililotaja viwango hivyo lilikuwa sahihi siku liliporekodiwa, na leo linapotosha.

Kiswahili nacho kinavuka mpaka bila kuulizwa. Muuzaji wa Mombasa anaielewa vizuri sauti iliyorekodiwa Tanga, na hapo ndipo anapoweza kuchukua kiwango kisichomhusu. Msimbo wa `sw-TZ` unaeleza lugha inayosemwa, hausemi sheria za nchi gani zinazungumziwa. Hilo linaandikwa kwenye `dcterms:spatial`, na siku ya mwisho maudhui yaliporekebishwa inaandikwa kwenye `dcterms:modified`. Utaratibu wetu sasa ni kutenga. Masomo ya mauzo, stoki na faida hayataji kodi hata kidogo, kwa hiyo yanadumu. Kodi ina masomo yake, na kila bajeti ya Juni ikisomwa tunayapitia, tunarekebisha au tunaondoa.

Kabla hujatoa somo lako linalofuata, mpe mwenye duka mmoja rekodi ya metadata peke yake, bila somo. Mwombe akuambie atajifunza kufanya nini, atahitaji nini mkononi, na asikilize lipi kwanza. Akishindwa kujibu moja kati ya hayo, somo lako bado halijawa tayari, hata kama limerekodiwa vizuri namna gani. Rudi ukaandike upya.