Unaandikia mradi Garissa? Hivi ndivyo unavyopata takwimu rasmi kwa simu

Wateja wetu wengi wako kwenye vyama, na vyama vingi sasa vinaandika maombi ya mradi. Tuchukue mfano wa kikundi cha kina mama mjini Garissa kinachotaka mtaji wa kununua mahindi bei ikiwa chini, kuyahifadhi na kuyauza baadaye. Mfadhili atauliza mambo mawili: watu ni wangapi, na bei hupanda kiasi gani? Ukijibu "watu ni wengi na bei hupanda sana", fomu itarudi. Basi tutafute majibu pamoja.

Kwanza, idadi ya watu

Ukiandika tu "idadi ya watu Garissa" kwenye Google, utaletewa habari na maoni ya kila aina. Wewe unataka faili lenyewe kutoka kwa Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS. Andika hivi:

```
site:knbs.or.ke filetype:pdf Garissa census
```

Neno `site:` linafunga utafutaji ndani ya tovuti moja. Neno `filetype:` linachagua aina ya faili. Usiweke nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo kichujio hakifanyi kazi. Ukitaka jedwali la kupiga hesabu, badilisha `pdf` uweke `xlsx`. Usipopata kitu, rudi kwenye `pdf`, maana ripoti nyingi za serikali hutolewa hivyo pekee.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 kaunti ya Garissa. Andika nambari hiyo pamoja na mwaka wake. Ila usikimbilie kuilinganisha na ya 2009 ili kuonyesha ongezeko. Mwezi Agosti 2010 serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane, tano zikiwa Kaskazini Mashariki, na Lagdera ya hapa Garissa ilikuwamo. Matokeo hayo yalizua kesi mahakamani. Ukijenga hoja yako juu yake, anayejua historia hiyo ataibomoa.

Pili, bei ya mahindi

Hapa nenda kwenye hifadhi ya data ya Umoja wa Mataifa, `data.humdata.org`. Tafuta `Kenya Food Prices`, kisha kwenye vichujio chagua aina ya faili `CSV`. Mkusanyiko unaoutaka ni wa Shirika la Mpango wa Chakula, WFP. Pakua faili ukiwa kwenye waifai kama unaweza, maana lina bei za nchi nzima kwa miaka mingi na linaweza kumaliza bando. Lifungue kwa Google Sheets, uchuje safu hizi:

```
date, admin2, market, commodity, unit, pricetype, price
```

Kwenye `admin2` chagua Garissa, na kwenye `commodity` chagua mahindi, yaani `Maize`. Soma pia `market`, kwa sababu bei ya mjini si lazima iwe sawa na ya masoko ya kambi za Dadaab.

Hapo sasa ndipo wengi huteleza. Safu ya `unit` inaweza kuwa `KG` kwenye mstari mmoja na `90 KG` kwenye mwingine, na `pricetype` inaweza kuwa ya jumla au ya rejareja. Tuseme mstari mmoja una bei ya 4,500 kwa gunia la kilo 90, na mwingine una 60 kwa kilo. Ukizichanganya, utaona bei "imeanguka" kutoka 4,500 hadi 60! Gawanya 4,500 kwa 90 upate shilingi 50 kwa kilo. Hata hivyo, ile 50 ni ya jumla na ile 60 ni ya rejareja, kwa hiyo tofauti ya shilingi 10 haionyeshi kuwa bei imepanda mwezi huo. Chagua aina moja ya bei na ubaki nayo mwanzo hadi mwisho.

Angalia pia tarehe. Kuna miezi ambayo soko halina bei kabisa. Usijaze pengo kwa kukisia. Liache wazi na useme hivyo kwenye ombi lako.

Mwisho, andika ulikotoa

Chini ya kila nambari weka jina la shirika, jina la faili, mwaka wa data na siku uliyopakua. Faili la bei huongezewa miezi mipya, na mfadhili akilifungua baadaye anaweza kuona mistari ambayo wewe hukuwa nayo.

Na jambo moja la pesa: faili hizi za KNBS na WFP tulizotaja hupakuliwa bure. Mtu akikuambia utume ada kwa simu ndipo "akufungulie" takwimu za sensa, usitume.