Mkopo wa siku 30 na tikiti la siku 90: riba limbikizi shambani

Riba limbikizi ni riba inayotozwa juu ya riba. Mkopo ukishatozwa riba ya kwanza na riba hiyo isilipwe, huunganishwa na deni la msingi, na duru inayofuata hesabu hufanywa kwa jumla yote. Riba sahili haifanyi hivyo: kila duru hurudi kwenye fedha zilezile zilizokopwa mwanzoni, hata kama deni limekaa mwaka mzima. Tofauti ya hizo mbili ni ndogo sana mwanzoni, kiasi kwamba mtu anaweza kuipuuza, na hapo ndipo mkulima hunaswa.

Msimu wa deyr ndio wakati wa kulitazama jambo hili, kwa sababu mikopo mingi ya mashamba ya kando ya Mto Tana, kutoka Sankuri hadi Korakora, huchukuliwa Septemba na Oktoba. Mbegu zinahitajika, dizeli ya pampu inahitajika, vibarua wa kupalilia wanasubiri malipo, na shambani bado hakuna cha kuuza. Mkopo wa simu huingia kwa dakika chache bila dhamana. Wengi hawaulizi riba ni kiasi gani. Wanaouliza huambiwa asilimia 7.5, nayo husikika kama kidogo.

Asilimia 7.5 kwa muda gani? Hilo ndilo swali lenye uzito kuliko kiwango chenyewe. Mkopo wa namna hiyo kwa kawaida hudumu siku 30. Tikiti maji nalo huhitaji siku 75 hadi 90 tangu mbegu itiwe ardhini hadi litoke shambani, bila kuhesabu siku za kumngoja dalali aje na lori. Kwa hiyo mkopo huiva mara mbili, pengine tatu, kabla tunda halijaiva hata mara moja. Kila mara unapoiva bila kulipwa, wapo wakopeshaji wanaoufungulia mwezi mwingine na kuutoza upya, safari hii juu ya jumla iliyokwisha kunenepa.

Hesabu ya mkopo wa shilingi 20,000 uliochukuliwa mwanzoni mwa Oktoba huenda hivi. Mwisho wa mwezi wa kwanza ada ni 1,500 na deni ni 21,500. Mwezi wa pili asilimia 7.5 hutozwa kwa 21,500, si kwa 20,000, kwa hiyo ada ni 1,612.50 na deni linafika 23,112.50. Mwezi wa tatu ada ni 1,733 na ushei, na mavuno ya Januari yanapoingia deni liko karibu shilingi 24,846. Kwa riba sahili lingekuwa 24,500. Mkulima aliyevuna vizuri hulipa, hulalamika kidogo kuhusu zile shilingi 346 za ziada ikiwa amezigundua, na msimu unaofuata hukopa tena vilevile.

Mambo hubadilika mavuno yanapokosekana. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurisha Tana, na mashamba ya kando ya mto mjini Garissa na viungani mwake yakafunikwa na maji. Shamba la aina hiyo hupoteza tikiti, vitunguu na mara nyingine pampu yenyewe, lakini deni halisombwi na maji. Mkopo uleule wa 20,000 ukiachwa bila malipo yoyote, kwa masharti yaleyale, unafika 30,866 baada ya miezi sita. Mwezi wa kumi unavuka 41,000, maana yake umezidi mara mbili ya fedha zilizopokelewa. Mwaka ukitimia ni shilingi 47,636. Riba sahili ingeufikisha 38,000. Shilingi 346 za Januari zimekuwa zaidi ya 9,600, wala hakuna aliyepandisha kiwango. Ni kuzidisha kwa 1.075 mara kumi na mbili, jambo ambalo kikokotoo cha simu yoyote kinaweza kulifanya.

Ipo njia ya mkato ya kukadiria ni lini deni litakuwa maradufu: namba 72 hugawanywa kwa kiwango cha riba. Kwa asilimia 7.5 kwa mwezi jibu ni 9.6, yaani miezi tisa na nusu hivi. Kwa asilimia 12 kwa mwaka ni miaka sita. Ni makadirio tu, ila yanatosha kumwonyesha mtu anakoelekea kabla hajabonyeza kitufe cha kukubali.

Kujua kama mkopo fulani unalimbikiza hakuhitaji wakili. Hutazamwa ada za miezi miwili inayofuatana kwenye taarifa ya mkopo. Ikiwa mwezi wa kwanza ilikuwa 1,500 na wa pili ni 1,500, riba ni sahili. Ikiwa wa pili ni 1,612.50, inalimbikiza. Faini ya kuchelewa pia huchunguzwa, kwa kuwa wapo wakopeshaji wanaotangaza riba sahili lakini hutia faini ndani ya deni, kisha faini yenyewe nayo huanza kutozwa riba. Jina limebadilika, hesabu ni ileile.

Dawa ya ulimbikizaji ni kulipa mapema, hata kidogo. Mkulima aliyepanda kunde pembezoni mwa matikiti huanza kuchuma majani baada ya wiki chache, na akilipa ile ada ya 1,500 kila mwezi deni hubaki 20,000 bila kupanda. Akilipa 5,000 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, deni hushuka hadi 16,500, na mwisho wa mwezi wa tatu hubaki takriban 19,068. Jumla aliyotoa ni 24,068 badala ya 24,846. Zile 5,000 zilizotangulia zimemwokolea 778, ilhali fedha hizohizo zikilipwa Januari hazimwokolei chochote. Bora zaidi ni kutafuta tangu mwanzo mkopo unaolipwa baada ya mavuno, hata kama kiwango kinachotajwa kinaonekana kikubwa. Asilimia 15 itozwayo mara moja kwa miezi minne ni nafuu kuliko 7.5 itozwayo kila mwezi kwa miezi hiyohiyo: ya kwanza huzaa deni la 23,000, ya pili 26,709.

Sheria imeweka ukuta, ingawa hauzuii kila kitu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika 2007, kinasema kwamba mkopo wa benki ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba itakayodaiwa isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Aliyebakiza 20,000 hatadaiwa riba ya zaidi ya 20,000, ila gharama za kulifuatilia deni zinaweza kuongezwa. Mwenye duka anayekopesha mbegu na dizeli kwa daftari hafuati kifungu hicho, na daftari lenyewe mara nyingi halionyeshi ada imehesabiwaje. Hapo mkulima hana budi kuandika lake pia.

Kwa sehemu kubwa ya wakulima wa Garissa, Wajir na Mandera, swali la riba si la hesabu peke yake. Riba ni haramu katika Uislamu, na aina iliyokemewa waziwazi ni hii hasa ya kulimbikiza: mdai wa zama za ujahilia alimwendea mdaiwa siku ya ahadi na kumtaka alipe au aongezewe deni pamoja na muda. Mkopo wa simu unaojifungua upya kila siku 30 unafanya kazi hiyohiyo bila mdai kubisha hodi.

Murabaha hukata mnyororo huo. Benki hununua kitu, tuseme pampu ya 60,000, kisha humuuzia mkulima kwa bei iliyokubaliwa, tuseme 69,000, ilipwe kwa miezi 12. Faida imefungwa siku ya kutia sahihi. Mkulima akichelewa, bei inabaki 69,000. Kama ipo faini, kwa kawaida hupelekwa kwenye sadaka, haiingii katika faida ya benki. Benki mbili za kwanza za Kenya kuanzishwa kwa misingi hiyo, Gulf African na ile iliyoitwa First Community wakati huo, zilifungua milango 2008. Jambo la kuchunga ni kwamba murabaha hufaa kununulia kitu kinachoonekana. Mdaiwa aliyekwama akishauriwa kufungua murabaha mpya ili alipie ya zamani, faida mpya huwekwa juu ya faida ya zamani, na ulimbikizaji umerudi kwa mlango wa nyuma. Inafaa kumuuliza shekhe kabla ya kutia sahihi.

Upande wa akiba, mwendo ni uleule ila huenda kwa faida ya mwenye fedha. Mfugaji anaujua bila kufundishwa: mbuzi huzaa, na watoto wake nao huzaa. Hakuna anayehesabu kundi la mwaka wa nne kwa kumtazama mbuzi wa kwanza peke yake. Anajua pia kwamba kundi hukua hivyo hadi ukame ufike, kama misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Ayuuto ya kina mama haizai. Kila mmoja hupokea alichochanga, na uzuri wake ni kumpa fungu kubwa kwa wakati mmoja, si kuliongeza.

Akiba ya 30,000 ikiwekwa kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida isiguswe, inakuwa 32,400 mwaka wa kwanza, 34,992 wa pili, na kufikia mwaka wa tisa ni karibu 60,000. Anayetoa faida yake kila mwaka hupata jumla ya 51,600 kwa muda huohuo. Benki za Kenya hukata kodi ya asilimia 15 kwenye riba ya akiba, kwa hiyo asilimia 8 hubaki 6.8, na safari ya kufika maradufu hurefuka hadi miaka kumi na nusu hivi. Kwenye mudaraba, ambapo benki hugawana faida ya biashara na mwenye akiba, kiwango hakiahidiwi mapema. Hesabu hufanywa mwaka unapofungwa, na faida ikiachwa ndani huungana na mtaji vilevile.

Tofauti kubwa kati ya pande mbili ni mwendo wake: akiba huzidishwa kwa mwaka, mkopo wa simu kwa mwezi. Mkulima mwenye akiba ya 20,000 kwa asilimia 8 na deni la 20,000 kwa asilimia 7.5 kila mwezi ataongeza shilingi 1,600 kwenye akiba ndani ya mwaka, kabla ya kodi, na deni lake litaongezeka kwa 27,636. Akiba hiyo itolewe, ilipe deni.