Somo la 12: Surua Shuleni

Soma kwa makini tangazo hili. Kisha tutajifunza sababu ya kila kanuni iliyomo.

TANGAZO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Ndugu wazazi,
Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano ameugua surua. Tafadhali fuateni kanuni hizi:
1. Mtoto mwenye homa pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu asije shuleni. Apelekwe zahanati.
2. Mgonjwa wa surua akae nyumbani mpaka siku nne kamili zipite tangu siku vipele vilipotokea.
3. Atarudi siku ya tano, iwapo homa imekwisha na ana nguvu za kusoma.
4. Mwanafunzi wa darasa hilo ambaye hakuchanjwa abaki nyumbani mpaka mganga wa zahanati atakaporuhusu arudi.
5. Kila mwanafunzi alete kadi yake ya kliniki ili chanjo zake zikaguliwe.
Mwalimu Mkuu

Dalili za surua

Surua huletwa na virusi. Mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, virusi hutoka na kuelea hewani. Vinaweza kubaki katika chumba kwa muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa hiyo mtu anaweza kuambukizwa bila kumgusa mgonjwa.

Dalili za kwanza ni homa, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi. Huenda vikaonekana vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Baada ya siku mbili hadi nne vipele hutokea. Huanzia usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka kifuani, mikononi na miguuni. Katika ngozi nyeusi wekundu wa vipele hauonekani vizuri. Mtazame mgonjwa penye mwanga wa kutosha.

Kwa nini tunahesabu siku?

Mgonjwa huambukiza wengine tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada ya vipele. Siku yenyewe ya vipele huitwa siku ya 0.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi, tumwite Juma. Jumatatu tarehe 8 na Jumanne tarehe 9 alikuja shuleni akiwa na mafua na kikohozi. Jumatano homa ilizidi, akabaki nyumbani. Ijumaa tarehe 12 vipele vilitokea usoni. Basi hesabu ni hii:

Siku nne kabla ya vipele: 12 − 4 = tarehe 8
Siku nne baada ya vipele: 12 + 4 = tarehe 16
Siku ya kurudi, kama homa imekwisha: Jumatano tarehe 17

Angalia jambo moja. Juma alikuwa akiambukiza tarehe 8 na 9, wakati kila mtu alidhani ana mafua tu. Ndiyo maana kanuni ya 1 haingoji vipele.

Tena, virusi vikiingia mwilini vipele havitokei mara moja. Kwa kawaida huchukua siku 14 hivi, lakini zaweza kuwa 7 au hata 21. Wenzake waliokaa naye tarehe 9 yafaa waangaliwe mpaka tarehe 30, kwa kuwa 9 + 21 = 30.

Chanjo ikitolewa katika siku tatu za kwanza baada ya kukutana na virusi, huweza kuuzuia ugonjwa. Lakini siku tatu tangu tarehe 8 zilikwisha tarehe 11, kabla ya vipele vya Juma kujulikana. Hivyo anayechanjwa tarehe 12 bado aweza kuugua kwa virusi alivyokwisha kupata. Hata hivyo achanjwe, kwani chanjo itamkinga na wagonjwa watakaofuata. Nchini Tanzania mtoto huchanjwa mara mbili, akiwa na umri wa miezi 9 na tena miezi 18.

Kumtunza mgonjwa

Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Mgonjwa hupewa vinywaji na chakula cha kutosha, na zahanati humpa vitamini A, ambayo husaidia kuyakinga macho yake. Akipumua kwa shida, akipata degedege au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali upesi.

Vipele vikiisha, ngozi huweza kuwa na madoa meusi na kubambuka. Madoa hayo hayaambukizi. Tusimkimbie mwenzetu aliyerudi nayo.

Maswali
1. Taja dalili nne zinazotangulia vipele.
2. Vipele vya surua huanzia wapi mwilini?
3. Vipele vya mwanafunzi vilitokea tarehe 3. Alianza kuambukiza wengine lini? Kama homa imekwisha, atarudi shuleni tarehe ngapi?
4. Kwa nini haitoshi kumzuia mwanafunzi baada tu ya kuona vipele?
5. Nyumbani, mwombe mzazi akuonyeshe kadi yako ya kliniki. Umechanjwa surua mara ngapi?