Kuhesabu Saa za Kazi hadi Ukomo wa Huduma

Mkataba wa huduma kwa mteja unaposema tatizo litashughulikiwa “ndani ya saa 12 za kazi”, saa hizo si za mfululizo. Huhesabiwa pale tu ofisi inapokuwa wazi, na ofisi ikifungwa hesabu husimama.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Nyahanga, mjini Kahama, ambaye mita yake ya maji ilivuja Ijumaa tarehe 4 Julai 2025. Alitoa taarifa, na ujumbe wa simu ukathibitisha kupokelewa saa 14:10. Tukiondoa sita tunapata saa 8:10 mchana. Tuchukulie kuwa ofisi hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, bila kufungwa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa.

Siku ya Ijumaa, kuanzia saa 8:10 hadi 9:30, ilitumika saa 1 na dakika 20. Zilizobaki ni saa 10 na dakika 40. Hapa kikokotoo huwapotosha wengi: 12 kutoa 1.20 huleta 10.80, ilhali saa ina dakika 60, si 100. Ni salama zaidi kuziandika saa 12 kama saa 11 na dakika 60, ndipo utoe.

Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu tarehe 7 ilikuwa Sabasaba, sikukuu ya kitaifa, nayo ikarukwa. Jumanne ilitumika siku nzima, yaani saa 8, zikabaki saa 2 na dakika 40. Ukizijumlisha na saa 1:30 asubuhi ya Jumatano tarehe 9, ukomo ni saa 4:10 asubuhi.

Mteja huyo angehesabu mfululizo, angedhani muda uliisha saa 8:10 usiku wa kuamkia Jumamosi. Angelalamika Jumatatu, angejibiwa kwa haki kwamba muda haujafika. Lakini fundi akifika Jumatano mchana, amechelewa, hata kama atasema “bado ni siku ileile”.

Ratiba ya ofisi iliyobandikwa mlangoni isomwe kwa makini. Kama ofisi hiyo ingefungwa kwa chakula saa 7:00 hadi 8:00 mchana, Jumanne ingetoa saa 7 tu, na ukomo ungesogea hadi saa 5:10 asubuhi. Taarifa inayotolewa ofisi ikiwa imefungwa huanza kuhesabiwa itakapofunguliwa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Sikukuu za Idi nazo hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo hesabu iliyofanywa mapema huenda ikarudiwa.

Usiufute ujumbe wa uthibitisho. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma kabla ya kuletwa kwetu, na yakitufikia, saa tunayoanzia kuhesabu ni ile iliyoandikwa humo. Ukitoa taarifa kwa mdomo dirishani, omba iandikwe pamoja na saa yake.